Barua ya pili ndiyo iliyojibiwa: kuomba benki ikupangie upya mkopo

Barua ya kwanza ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake mlikuwa na tarakimu mbili tu. Moja ilikuwa namba ya mkopo. Nyingine ilikuwa kiasi cha deni, nacho kilikosewa. Tuliipeleka benki tarehe 10 Machi, siku tano baada ya rejesho la kwanza kushindikana. Hadi tarehe 24 hakuna aliyekuwa ameijibu, na tulipokwenda kuulizia, afisa mikopo aliifungua mbele yetu, akaisoma mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mama, hapa unaomba nini hasa?"

Mwenye mkopo ni mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Igurusi, wilayani Mbarali. Mimi nilikuwa mtu wa kalamu na kikokotoo, na barua zote mbili zilipita mikononi mwangu, kwa hiyo na makosa ya ile ya kwanza ni yangu pia. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenye biashara ndogo ambaye rejesho limeanza kumshinda na hajui barua ya namna hii hujazwa nini. Tarakimu nimeziacha kama zilivyokuwa.

Mkopo ulikuwa wa Sh 18,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka, ikihesabiwa kwenye salio linalopungua. Rejesho lilikuwa Sh 898,634 kila tarehe 5, kuanzia Agosti. Alilipa saba bila kukosa, mpaka Februari. Agosti, Septemba na Oktoba zililipwa na msimu wenyewe, Novemba na Desemba zililipwa na akiba. Za Januari na Februari zililipwa na kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, na hilo tutalirudia. Tarehe 5 Machi hakukuwa na kitu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua deni. Mama alichukua milioni 18, akatoa marejesho saba aliyolipa, akapata Sh 11,709,562, tukaandika hivyo. Benki haihesabu hivyo. Kila mwezi riba inachukua kwanza asilimia 1.5 ya salio, na kinachobaki kwenye rejesho ndicho kinachopunguza deni la msingi. Katika Sh 6,290,438 alizokuwa amelipa, Sh 1,686,959 zilikwenda kwenye riba. Deni la msingi lilikuwa bado Sh 13,396,521. Barua inayoanza kwa kukosea deni kwa zaidi ya milioni moja na nusu inamwambia msomaji kwamba hata hesabu nyingine zitakazofuata, kama zipo, si za kuaminika.

Dawa yake ni rahisi. Kabla hujaandika neno, nenda tawini uombe taarifa ya mkopo inayotenganisha vitu vitatu: deni la msingi, riba iliyolimbikizwa na adhabu ya kuchelewa. Uliza pia, kwa maneno hayohayo, kama riba yako ni ya bapa, yaani inayohesabiwa kwenye kiasi chote ulichokopa hadi mwisho, au ya salio linalopungua. Ikiwa ni ya bapa, hesabu nitakazoonyesha hapa hazitakufaa, na kuongezewa muda kunaweza kukugharimu zaidi ya unavyodhani. Yeye alipewa taarifa ya tarehe 5 Aprili, baada ya rejesho la pili kushindikana: msingi Sh 13,396,521, riba ya miezi miwili Sh 401,896, adhabu Sh 89,863. Jumla Sh 13,888,280. Hiyo ndiyo iliyoanza barua ya pili.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Barua ya kwanza iliandika "biashara imekuwa ngumu". Biashara haikuwa ngumu. Ilikuwa ya msimu, kama mashine zote za mpunga, na mkopo ulipangwa kana kwamba kila mwezi ni Julai. Afisa aliyekuja kukagua kabla ya kutoa mkopo alifika Julai yenyewe, akakuta magunia yamepangwa mpaka nje ya banda. Hakudanganywa na mtu. Aliona mwezi mmoja akaupigia hesabu ya mwaka.

Kwa hiyo ilibidi tuuonyeshe mwaka mzima, na hapo tukagonga ukuta: daftari la mashine lilikuwa limelowa, kurasa za Agosti na Septemba zimegandana. Mama alikuwa na hofu kwamba bila daftari hana ushahidi. Ushahidi ulikuwa kwenye simu. Mashine ina mita yake ya LUKU, mbali na ya nyumba, na kila manunuzi ya umeme yalikuwa na ujumbe wake wenye tarehe na idadi ya uniti. Kilichokosekana ni kujua gunia moja linakula uniti ngapi.

Tulilipima. Asubuhi moja, kabla mtambo haujawashwa, tukasoma mita na kuandika. Yakakobolewa magunia 20 ya kilo mia mia, mtambo ukazimwa, tukasoma tena. Zilikuwa zimetumika uniti 60 na kidogo. Basi gunia ni uniti 3. Tukachukua miezi ambayo daftari lilikuwa zima, tukagawa uniti za LUKU kwa 3, tukalinganisha na magunia yaliyoandikwa. Tofauti haikufika gunia 15 kwa mwezi wowote. Kuanzia hapo hata kurasa zilizogandana tuliweza kuzijaza, na kwenye barua tukasema wazi kwamba miezi hiyo miwili imekadiriwa kwa umeme na njia tuliyotumia ni hii. Afisa alilipenda hilo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ni kipimo anachoweza kukirudia mwenyewe. Mwenye saluni, mwenye friji za samaki, mwenye mashine ya kusaga, wote wana kitu cha namna hii. Mwenye bodaboda ana mafuta.

Mwaka ukajigawa wenyewe. Mei hadi Oktoba wastani ni magunia 700 kwa mwezi, Novemba hadi Aprili magunia 260. Kukoboa gunia ni Sh 4,000, na pumba za gunia hilo zinaleta kama Sh 500. Umeme ulikuwa uniti 3 kwa karibu Sh 356 kila moja, yaani Sh 1,068. Mwezi wa msimu, basi, unaingiza Sh 3,150,000. Ukitoa umeme Sh 747,600, mishahara ya fundi mtambo na wabebaji Sh 450,000, na rola za mpira, mikanda na chekeche Sh 200,000, inabaki Sh 1,752,400. Mwezi usio wa msimu unaingiza Sh 1,170,000, na baada ya gharama zilezile kupungua unabakiza Sh 512,320.

Bado hatujala. Watu wengi wanaishia hapo, wanaiambia benki kwamba faida ni hiyo, halafu wanashangaa rejesho kushindikana. Matumizi ya nyumbani yalikuwa Sh 400,000 kwa mwezi, ada na chakula. Tuliyaandika. Afisa akiona bajeti isiyo na chakula anajua kuna uongo mahali. Baada ya nyumbani, mwezi wa msimu una Sh 1,352,400 za kulipia deni, na mwezi usio wa msimu una Sh 112,320. Kwa mwaka mzima ni Sh 8,788,320. Marejesho ya mwaka kwa ratiba ya zamani ni Sh 10,783,608. Hizo sentensi mbili, zikiwa zimefuatana, ndizo zilizokuwa moyo wa barua. Zinaonyesha kwamba anayedaiwa anaweza kulipa, tena kiasi kikubwa, ila si hiki na si kwa mpangilio huu.

Sasa kausha damu. Barua ya kwanza haikuitaja. Tuliona aibu, na tulidhani haihusu. Lakini tulikuwa tumeambatisha taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, na pale Januari na Februari zilionekana pesa zimeingia kutoka kwa mtu yuleyule na siku iliyofuata zikaenda benki. Afisa aliweka kidole juu ya mstari huo, akanyamaza. Kilichofuata kilikuwa dakika tano za kujieleza ambazo nisingependa kuzirudia. Deni lililobaki huko lilikuwa Sh 1,100,000. Kwenye barua ya pili lilipewa aya yake: ni kiasi gani, linalipwa lini, kutoka fungu lipi. Mdai anayejificha anaogopwa na benki kwa sababu ndiye anayegonga mlango asubuhi na kuondoka na pesa ya rejesho.

Kisha tukafika kwenye ombi lenyewe. Kuna njia kadhaa za kupangiwa upya: kuongezewa muda, kupewa miezi ya kulipa riba tu, malimbikizo kuunganishwa na deni la msingi, kupunguziwa riba, kusamehewa adhabu. Kosa la kawaida ni kuomba zote. Tuliomba tatu za kwanza, zinazotokana na hesabu, na tukaacha riba ilivyo. Adhabu tuliamua kuilipa, nami nitasema kwa nini.

Pamoja na barua mama alilipa Sh 300,000. Palikuwa na injini kuukuu ya dizeli, imekaa nyuma ya banda tangu umeme ufike, ikauzwa Sh 650,000. Malipo ya nia njema yanasaidia sana, ila ujue yanakwenda wapi: kwenye mkopo huu pesa iliyoingia ilikata adhabu kwanza, ikaja riba, na msingi mwisho. Kwa hiyo Sh 89,863 zilimezwa na adhabu na zilizobaki zikapunguza riba. Deni likawa Sh 13,588,280, bila adhabu ndani yake. Hilo ni muhimu, kwa kuwa adhabu ikiunganishwa na deni jipya, utaanza kuilipia riba.

Kiasi cha rejesho la msimu tulikibishania jioni nzima. Mama alitaka kusema Sh 1,200,000 ili amalize haraka na aonekane ana nia. Mimi nikampigia hesabu ya mwaka mbaya kidogo. Gunia moja likipotea, kinachopotea ni Sh 3,432, yaani 4,500 toa umeme. Magunia yakipungua kwa asilimia 15, kutoka 700 hadi 595, mwezi unapoteza Sh 360,360, na za kulipia deni zinabaki Sh 992,040. Rejesho la 1,200,000 lingekuwa limeshavunjika. Tukaandika Sh 950,000, na hesabu hiyo ya asilimia 15 tukaiweka kwenye barua. Ahadi ikivunjika mara ya pili, hakuna barua ya tatu itakayosomwa.

Rasimu ilikuwa na kosa lililobaki, tukaligundua usiku wa mwisho. Tulikuwa tumeanza Sh 950,000 tarehe 5 Mei, kwa sababu msimu unaanza Mei. Lakini tarehe 5 Mei mfukoni kuna pesa ya Aprili! Pesa ya Mei inalipa Juni. Tukasogeza: Juni hadi Novemba Sh 950,000, Desemba hadi Mei riba tu. Sehemu ya katikati ya barua ikasomeka hivi:

"YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MKOPO NAMBA ...

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hadi tarehe 5 Aprili nadaiwa Sh 13,888,280 kwa taarifa yenu, na nimechelewa marejesho mawili. Leo nimelipa Sh 300,000, stakabadhi imeambatishwa, na deni limebaki Sh 13,588,280.

Rejesho la Sh 898,634 kila mwezi haliendani na mapato ya mashine. Miezi sita ya msimu nabakiwa na Sh 1,352,400 kwa mwezi baada ya gharama na matumizi ya nyumbani. Miezi sita mingine nabakiwa na Sh 112,320. Mchanganuo na ushahidi ni kiambatisho A na B.

Naomba riba iliyobaki iunganishwe na deni la msingi, na nilipe hivi: tarehe 5 Mei riba tu, Sh 203,824. Juni hadi Novemba Sh 950,000 kila mwezi. Desemba hadi Mei riba tu, isiyozidi Sh 134,099 kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza. Kwa mpango huu namaliza tarehe 5 Oktoba ya mwaka wa tatu. Riba ibaki asilimia 18. Upungufu wa miezi ya riba tu nitautoa kwenye akiba ya msimu."

Ilibaki aya ya kausha damu, aya ya asilimia 15, sahihi, na namba ya simu. Kurasa mbili. Kiambatisho A kilikuwa jedwali la miezi 12, B orodha ya manunuzi ya LUKU pamoja na taarifa ya miamala, C ratiba nzima tuliyoipiga wenyewe. Ratiba hiyo haihitaji utaalamu: salio mara 0.015 ni riba ya mwezi, toa riba kwenye rejesho, kinachobaki kitoe kwenye salio, shuka mstari. Tulipeleka nakala mbili tarehe 8 Aprili, na moja ikarudi ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo ilitufaa baadaye.

Siku zilikuwa zinahesabika. Benki huuweka mkopo kwenye kundi la mikopo chechefu ukifikisha siku 90 za kuchelewa, na kwa rejesho la Machi siku hiyo ingekuwa tarehe 3 Juni. Kabla ya hapo meneja wa tawi na kamati wana nafasi ya kukusikiliza. Baada ya hapo faili huhamia kwa watu wa kukusanya madeni, ambao kazi yao ni tofauti. Wiki tulizozipoteza na barua ya kwanza zilikuwa nyingi kuliko tulivyojua.

Afisa alikuja na kupima mita mwenyewe. Magunia kumi, uniti 31. Tarehe 29 Aprili majibu yakatoka: mpango umekubaliwa, kwa masharti. Ada ya asilimia 1 ya deni, Sh 135,883, ilipwe taslimu. Na mdhamini asaini upya. Hili hatukulitegemea. Mdhamini alidhamini miezi 24 na rejesho fulani. Masharti yakibadilika bila yeye kukubali, benki inaweza kupoteza haki yake kwake, ndiyo maana hawaendi bila sahihi. Mdhamini alikuwa kaka yake, yuko Tunduma, na alijua habari za malimbikizo siku hiyo kwa simu. Alikuja, akasaini, lakini hakula chakula alichopikiwa. Mwambie mdhamini wako mapema, na mume au mke pia kama nyumba ndiyo dhamana.

Gharama ya unafuu huu ni ya kweli na lazima itajwe. Kuanzia Machi, ratiba ya zamani ingemtoa Sh 15,276,778 na kumalizika Julai ya mwaka wa pili. Mpya, ukijumlisha zile 300,000 na ada, inamtoa Sh 17,202,144 na kumalizika miezi kumi na mitano baadaye. Tofauti ni Sh 1,925,366. Mama aliitazama ile tarakimu muda mrefu. Pia taarifa za mkopo huo kwenye taasisi za taarifa za mikopo zinaonyesha kwamba ulipangwa upya, na mkopeshaji mwingine ataona.

Tarehe 5 Mei asubuhi, simu ikaingiza ujumbe: akaunti imekatwa Sh 410,000, yote iliyokuwamo, mishahara ya wabebaji ikiwa ndani, na bado inasoma malimbikizo ya Sh 488,634. Karatasi zilikuwa zimesainiwa, lakini mfumo wa benki ulikuwa bado unajua rejesho la Sh 898,634. Ilichukua siku nne, barua ya kukubaliwa na ile nakala yenye muhuri, mpaka ratiba mpya ikaingizwa na kilichozidi kikarudishwa. Ukisaini, usiondoke tawini bila ratiba iliyochapwa kutoka kwenye mfumo wao, na uilinganishe mstari kwa mstari na ya kwako. Wabebaji walilipwa kwa kukopa dukani mchele na sukari.

Tarehe 5 Juni zilikatwa Sh 950,000. Magunia ya Mei yalikuwa 688.